Kwa nini wanaume kwa wastani ni warefu kuliko wanawake? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yamepangwa kuanzia mambo ya msingi hadi hali zisizo za kawaida. Pale ambapo jibu limeshatolewa kwingine, utaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Tofauti yenyewe ni kubwa kiasi gani?

Kwa watu wazima ni kama sentimita 13. Hiyo ni tofauti ya wastani na wastani. Ndani ya kila jinsia urefu hutawanyika sana, hivyo makundi haya mawili huingiliana. Ukimchagua mwanamume mmoja na mwanamke mmoja bila kuangalia, mwanamume atakuwa mrefu zaidi takriban mara 9 kati ya 10. Ile mara moja iliyobaki si ajabu wala si ugonjwa. Dada anayemzidi kaka yake kimo hana kasoro yoyote inayohitaji kuelezwa.

2. Je, wavulana huzaliwa wakiwa warefu tayari?

Huzaliwa warefu kidogo tu. Tofauti haifiki hata sentimita moja. Utotoni wanakwenda karibu sawa, kiasi kwamba ukiwatazama wanafunzi wa miaka minane kwa nyuma, kimo peke yake hakikuambii nani msichana na nani mvulana. Ukitafuta zile sentimita 13 kwa watoto wa miaka 10 hutazipata. Zinatengenezwa baadaye, kati ya miaka 12 na 18 hivi.

3. Kwa kifupi basi, sababu ni nini?

Wavulana huanza balehe wakiwa wamechelewa, na humaliza wakiwa wamechelewa. Kuchelewa huko kunawapa takriban miaka miwili zaidi ya ukuaji wa kawaida wa utotoni kabla ya kipindi cha kurefuka kwa kasi. Wanaingia kwenye kipindi hicho wakiwa tayari warefu kuliko wasichana walivyokuwa walipoingia. Juu ya hapo, kasi yao ikifika ni kubwa kidogo. Kisha homoni inayofunga mifupa, ambayo kwa jinsia zote mbili ni estrojeni, kwao huchukua muda mrefu zaidi kumaliza kazi.

Wengi hutarajia jibu liwe "testosteroni hurefusha". Testosteroni ina sehemu yake, lakini njia inayopita si ile inayodhaniwa (swali la 8).

4. Mfupa hurefuka vipi, na kwa nini unafika mahali unakoma?

Mfupa mrefu, kama wa paja, haurefuki katikati. Karibu na kila ncha yake kuna tabaka jembamba la gegedu, ambalo hapa tutaliita gegedu la ukuaji. Seli za tabaka hilo hugawanyika, hujipanga kwa safu, huvimba, kisha hufa na nafasi yake kuchukuliwa na mfupa mgumu. Kila mzunguko huisogeza ncha ya mfupa mbele kidogo.

Seli hizo haziwezi kugawanyika milele. Kadiri zinavyogawanyika ndivyo zinavyozeeka, na mwishowe tabaka lote hugeuka mfupa. Hapo tunasema mfupa umefunga, na ukishafunga hakuna chakula, mazoezi wala dawa itakayourefusha. Kwa hiyo swali la nani atakuwa mrefu ni maswali mawili: gegedu linafanya kazi kwa kasi gani, na linaachwa wazi kwa muda gani.

## Balehe na wakati wake

5. Mbona wasichana wa miaka 12 huwazidi wavulana wa rika lao?

Kwa sababu wao wameshaanza mbio, wenzao bado. Tazama urefu wa kati kwenye chati za ukuaji za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2007, tarakimu zikiwa zimekadiriwa kwa sentimita nzima:

| Umri | Wasichana | Wavulana |
|---|---|---|
| 10 | 139 | 138 |
| 12 | 151 | 149 |
| 14 | 160 | 163 |
| 16 | 163 | 173 |
| 18 | 163 | 176 |

Soma safu ya wasichana kwanza. Kati ya miaka 10 na 12 wameongeza sentimita 12, kati ya 12 na 14 wameongeza 9, kisha karibu imekwisha. Sasa safu ya wavulana: kati ya 10 na 12 ni 11, halafu 14 katika miaka miwili inayofuata, halafu 10 nyingine. Wasichana wanafika kilele cha kasi wakiwa na miaka 12 hivi au kabla kidogo. Wavulana wanakifikia karibu na miaka 14.

Kuna jambo jingine ambalo watu huwa hawalioni. Msichana hurefuka haraka mwanzoni mwa balehe, wakati matiti ndiyo kwanza yanachipua. Mvulana hurefuka haraka katikati ya balehe, baada ya korodani kuwa zimekua kwa muda. Ndiyo maana pengo la vilele ni kubwa kuliko pengo la dalili za kwanza za balehe. Mzazi anayesubiri mwanawe wa kiume arefuke mara tu anapoona dalili hizo atasubiri zaidi ya mwaka.

6. Nionyesheni hesabu: hizo sentimita 13 zinatoka wapi hasa?

Njia nzuri ya kujua ni kuwapima watoto walewale mwaka baada ya mwaka mpaka wawe watu wazima. Utafiti wa namna hiyo uliofanyika Zurich, Uswisi, ulipata tofauti ya mwisho ya sentimita 12.6, na ukaigawa hivi.

Sentimita 1.6 zilitokana na wavulana kukua zaidi kidogo kabla ya balehe. Sentimita 6.4 zilitokana na kuchelewa kwa balehe, yaani ile miaka ya ziada ya ukuaji wa kitoto. Sentimita 6.0 zilitokana na wavulana kukua kwa nguvu zaidi wakati wa kasi ya balehe. Ukijumlisha unapata 14.0. Lakini wasichana hurudisha 1.4, kwa kuwa baada ya kasi kupungua wao huendelea kuongeza kidogo zaidi kuliko wavulana. Ndiyo 12.6.

Mimi hulipenda hili la 1.4 kwa sababu linavunja ile dhana kwamba kila hatua inampendelea mvulana. Ukitaka kulikagua lile fungu la kuchelewa mwenyewe, kumbuka kwamba kabla tu ya balehe mtoto hukua kama sentimita 5 kwa mwaka, mara nyingi pungufu kidogo. Zidisha kwa miaka miwili, halafu toa kidogo kwa kuwa kasi hiyo hushuka kadiri balehe inavyokaribia. Utapita 6.4 kiasi, lakini utaona fungu hilo linatoka wapi.

7. Msichana akishavunja ungo, ndiyo basi, harefuki tena?

Hurefuka, ila si sana. Hedhi ya kwanza huja baada ya kilele cha kasi kupita, wakati breki zimeshaanza kushika. Kwa kawaida hubaki kama sentimita 5 hadi 7, na waliovunja ungo mapema sana huweza kuongeza zaidi ya hapo. Kwa hiyo hedhi haifungi mifupa. Hedhi na kufunga kwa mifupa vyote ni matokeo ya estrojeni iliyokuwa ikipanda kwa muda.

## Homoni

8. Si testosteroni ndiyo inayowarefusha wanaume?

Kwa sehemu, na mara nyingi kwa kupitia mlango wa nyuma. Mwilini kuna kimeng'enya kinachoitwa aromatesi ambacho hugeuza testosteroni kuwa estrojeni. Mvulana anapobalehe, korodani hutoa testosteroni, sehemu yake hugeuzwa estrojeni, na estrojeni hiyo huiamsha tezi ya pituitari iongeze homoni ya ukuaji. Hiyo ndiyo injini kuu ya kasi ya balehe, kwa wavulana na kwa wasichana.

Testosteroni pia huchochea gegedu la ukuaji moja kwa moja bila kugeuzwa, na inaaminika kwamba hilo ndilo linalompa mvulana kilele cha juu zaidi: karibu sentimita 10 kwa mwaka, dhidi ya 8 hivi za msichana. Pia hujenga misuli na kunenepesha mifupa. Ila kazi ya kufunga gegedu haiifanyi yenyewe.

9. Estrojeni inawezaje kurefusha na wakati huohuo kusimamisha?

Kipimo ndicho kinachoamua, pamoja na muda. Kiasi kidogo, kama cha mwanzoni mwa balehe, huongeza homoni ya ukuaji na mtoto hurefuka. Kiasi kikubwa kinachodumu huharakisha kuzeeka kwa seli za gegedu, mpaka uwezo wao wa kugawanyika unaisha. Ni mtu yuleyule anayechochea moto na kumaliza kuni.

Hapa ndipo jinsia zinapoachana. Ovari hutoa estrojeni moja kwa moja, tena mapema, kwa hiyo msichana hupata kasi mapema na hufunga mapema, mara nyingi akiwa na miaka 14 au 15. Mvulana hutegemea hasa estrojeni inayogeuzwa kutoka testosteroni. Inapanda baadaye na haifiki viwango vya msichana, hivyo mifupa yake hufunga akiwa na miaka 16 au 17, wengine baadaye zaidi. Hata kabla ya balehe, vipimo nyeti sana vimeonyesha kwamba wasichana wana estrojeni zaidi kuliko wavulana, ingawa kwa wote ni chembe tu. Hiyo husaidia kueleza kwa nini mifupa ya msichana wa miaka saba huwa imekomaa kuliko ya mvulana wa umri wake hata kama kimo ni kilekile.

10. Tunajuaje kwamba ni estrojeni inayofunga hata kwa wanaume?

Kwa muda mrefu vitabu vilisema testosteroni hufunga mifupa ya wavulana na estrojeni hufunga ya wasichana. Ilikuwa dhana yenye mantiki, na iliangushwa na wagonjwa wachache sana.

Mwaka 1994 madaktari nchini Marekani walichapisha habari za mwanamume wa miaka 28 mwenye kimo cha sentimita 204 ambaye alikuwa bado anarefuka. Amebalehe kikamilifu, testosteroni yake ni ya kawaida, estrojeni kwenye damu ni nyingi. Walipopiga picha ya mifupa walikuta imekomaa kama ya kijana wa miaka 15: magegedu bado yako wazi, na mifupa ni dhaifu kama ya mzee. Kosa lilikuwa kwenye jeni ya kipokezi cha estrojeni. Homoni ilikuwepo, lakini seli hazikuweza kuisikia. Walimpa estrojeni ya ziada kwa miezi sita na hakuna kilichobadilika, jambo ambalo lilithibitisha kwamba tatizo lilikuwa kwenye kipokezi.

Kama testosteroni ingekuwa inatosha kufunga mifupa, huyu angefunga zamani. Bado mtu angeweza kubisha kwamba mgonjwa mmoja hathibitishi kitu. Muda si mrefu wakaripotiwa wanaume wenye kasoro nyingine: vipokezi vyao ni vizima ila hawana aromatesi inayofanya kazi. Testosteroni wanayo, estrojeni hawana. Nao walikuwa warefu, mifupa wazi, wanaendelea kukua ukubwani. Mmoja wao, aliyeripotiwa mwaka 1997 akiwa na miaka 38, alipewa kwanza testosteroni na mifupa yake haikushtuka. Alipopewa estrojeni, magegedu yalifunga ndani ya miezi michache.

Ukiwaweka wanaume hawa pamoja, nafasi ya kubisha inakuwa ndogo. Mmoja ana estrojeni lakini hana kipokezi, na dawa haikumsaidia. Mwingine ana kipokezi lakini hana estrojeni, na dawa ilifanya kazi.

## Kromosomu

11. Kwa hiyo ni homoni tu, kromosomu hazihusiki?

Zinahusika, kwa sehemu ndogo lakini halisi. Kwa kawaida mwanamke ana kromosomu XX na mwanamume XY. Ushahidi mzuri unatoka kwa wanawake wenye kromosomu XY ambao miili yao haiitikii testosteroni kabisa. Wana korodani ndani ya tumbo, testosteroni nyingi, lakini vipokezi vyake havifanyi kazi. Testosteroni hiyo hugeuzwa estrojeni, matiti hukua, na hurefuka kwa ratiba ya kike. Kama homoni zingekuwa kila kitu, kimo chao kingekuwa cha wastani wa wanawake. Kwa kawaida huwa juu ya wastani wa wanawake na chini ya wastani wa wanaume. Kwa hiyo kromosomu Y inaongeza kitu ambacho hakipitii kwa testosteroni.

Mmoja wa washukiwa ni jeni iitwayo SHOX, iliyopo kwenye X na kwenye Y pia. Wanawake wana nakala mbili na wanaume mbili, lakini kwa mwanamke X moja huzimwa, na inaonekana nakala ya SHOX iliyo juu yake hutulizwa kwa kiasi. Uzito wa jeni hii unaonekana kwa wanawake waliozaliwa na X moja tu: wasipotibiwa, huwa wafupi kwa takriban sentimita 20 kuliko wastani wa wanawake.

12. Kwa nini wanaume huonekana na miguu mirefu kulinganisha na kiwiliwili?

Kabla ya balehe miguu hukua haraka kuliko kiwiliwili. Wakati wa balehe uti wa mgongo huchukua zamu yake. Anayechelewa kubalehe hupata muda zaidi wa kurefuka miguu. Hali ya kupita kiasi ilionekana kwa wavulana waliohasiwa kabla ya kubalehe, kama waimbaji wa makanisa na opera wa Italia ya zamani: wengi walijulikana kwa mikono na miguu mirefu isiyolingana na mwili.

## Hali zisizo za kawaida

13. Mwanangu amebalehe mapema na ndiye mrefu darasani. Atakuwa mtu mrefu?

Inaweza kuwa kinyume chake. Balehe inayoanza kabla ya miaka 8 kwa msichana au 9 kwa mvulana humrefusha mtoto leo na kumfunga kesho. Anamaliza akiwa mfupi kuliko ambavyo angekuwa. Dalili ya kutazama ni kimo kinachopanda haraka kikiambatana na matiti kuchipua au korodani kukua katika umri huo. Kuna sindano zinazosimamisha balehe kwa muda ili gegedu lipate nafasi ya kuendelea. Husaidia zaidi kwa walioanza wakiwa wadogo sana, kwa hiyo usisubiri.

14. Na anayechelewa? Kijana wa miaka 14 bado ana sauti ya kitoto.

Chukua mfano wa mvulana wa miaka 14 mwenye sentimita 145, wakati wenzake wa kati wana 163. Daktari atapiga eksirei ya kiganja na kifundo cha mkono wa kushoto, kisha ataulinganisha ukomavu wa mifupa na picha za mfano za kila umri. Tuseme mifupa inaonyesha miaka 11 na nusu. Sasa kimo chake kinaeleweka: mvulana wa kati wa umri huo ana karibu 146. Hajapungukiwa, saa yake iko nyuma. Mara nyingi utakuta baba au mama naye alichelewa.

Picha ingeonyesha mifupa ya miaka 14, kimo hichohicho kingekuwa jambo la kutafutiwa sababu. Vilevile, mvulana asiye na dalili yoyote ya balehe akifika miaka 14, au msichana ambaye matiti hayajaanza akifika 13, anafaa kuonwa na daktari hata kama familia ina historia ya kuchelewa.

15. Naweza kukadiria urefu wa mtoto kutokana na wazazi?

Unaweza, na zile sentimita 13 ndizo zinazotumika. Jumlisha urefu wa baba na mama; kwa mvulana ongeza 13, kwa msichana toa 13; gawanya kwa 2. Baba wa 172 na mama wa 160 wanakadiriwa mwana wa 172.5 na binti wa 159.5. Ruhusu sentimita 8 au 9 juu na chini. Kanuni hii haijui lolote kuhusu wakati wa balehe, kwa hiyo kwa mtoto wa swali la 13 haifai kabisa.

16. Kijana akitumia testosteroni au dawa za misuli, ataongeza kimo?

Ataongeza kwa muda mfupi kisha atapoteza. Nyingi ya dawa hizo hugeuzwa estrojeni (swali la 8), na estrojeni hufunga (swali la 9). Kijana wa miaka 15 ambaye mifupa yake ilikuwa na nafasi ya mwaka mmoja na nusu anaweza kuitumia nafasi hiyo kwa miezi michache. Madaktari huwapa dozi ndogo baadhi ya wavulana waliochelewa sana, kwa muda maalumu na huku wakipima mifupa. Hilo ni jambo tofauti na sindano za mazoezini.

17. Je, estrojeni imewahi kutumiwa makusudi kuzuia mtu asirefuke?

Ndiyo. Kuanzia miaka ya 1950 na kwa miongo kadhaa, wasichana waliokadiriwa kuwa "warefu kupita kiasi" katika nchi kadhaa za Magharibi walipewa estrojeni kwa dozi kubwa ili mifupa ifunge mapema. Ilifanya kazi kama fiziolojia inavyotabiri: walimaliza wakiwa wafupi kwa sentimita kadhaa kuliko walivyokadiriwa. Miaka mingi baadaye, walipofuatiliwa wakiwa watu wazima, ilionekana kwamba waliotibiwa walipata shida zaidi kushika mimba kuliko wenzao warefu ambao hawakutibiwa. Tiba hiyo sasa hutumika kwa nadra.